Namba Ambazo Hukuziomba

Meseji yenyewe ni fupi. Imetoka WhatsApp, ina tarakimu sita zilizokatwa katikati kwa kistari, tatu huku na tatu kule, na chini yake onyo kwamba usimpe mtu yeyote. Kwenye simu za Android mara nyingi mwishoni hufuata mkia wa herufi na tarakimu zisizosomeka. Huo ni utambulisho wa programu, unaoiwezesha WhatsApp kuitambua meseji yake na kuzijaza zile tarakimu bila wewe kuziandika. Hakuna jina la aliyeiomba, hakuna mahali alipo, hakuna sababu. Imeingia saa tano usiku, na wewe hukuwa hata umeishika simu.

Wapo wanaoifuta na kulala. Wapo wanaoshtuka, wakakesha wakibadilisha kila nenosiri walilonalo, hata la akaunti zisizohusika. Wote wawili wameruka swali moja linaloamua mengine yote: ili namba hii itumwe, aliyeiomba alihitaji kuwa na nini mkononi?

Kuna huduma ambazo hutuma namba mtu akishaandika tu simu yako au barua pepe yako. Huyo hajapata kitu chako chochote. Amepiga hodi tu, na kupiga hodi hakuhitaji ufunguo. Kuna nyingine ambazo hazitumi namba wala kukuuliza lolote mpaka nenosiri liwe limeandikwa na limekubaliwa. Hapo mtu ameshafungua mlango wa mbele na sasa yuko sebuleni, akisubiri umfungulie chumba. Meseji za hali hizi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa sura, ilhali habari zinazoleta zimeachana mbali.

WhatsApp iko katika kundi la kwanza. Ukifungua akaunti kwenye simu mpya huulizwi nenosiri, unaandika namba ya simu na tarakimu sita zinatumwa kwenye laini hiyo. Kwa hiyo tarakimu zikija bila wewe kuziomba, unachokijua kwa hakika ni kimoja tu: kuna mtu ameandika namba yako. Huenda amekosea, amegeuza 54 kuwa 45. Huenda namba yako iliwahi kuwa ya mtu mwingine, kwa sababu laini zinazokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kampuni za simu, kisha namba zake huuzwa tena. Mwenye laini ya zamani akijaribu kuingia kwenye akaunti alizosajili kwa namba ile, zile tarakimu zinakuja kwako. Ukiwa umenunua laini mwaka huu na unapokea namba za uthibitisho za huduma ambazo hujawahi kujiunga nazo, fikiria hilo kwanza kabla ya kufikiria wezi.

Au ni mwizi kweli. Hata hivyo WhatsApp yako inaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa kuwa kuombwa kwa namba hakubadilishi kitu mpaka namba hiyo iandikwe upande wa pili. Kubahatisha nako hakumfikishi mbali. Tarakimu sita zinatoa michanganyiko milioni moja, na mtu akikosea mara chache tu hufungiwa kwa muda kabla ya kuruhusiwa kujaribu tena. Ukiwa na meseji hiyo peke yake, na hakuna kingine kilichofuata, unaweza kulala. Asubuhi ingia kwenye mipangilio ya akaunti ndani ya WhatsApp uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ile pini ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Ukiwa nayo, hata atakayezipata zile tarakimu za meseji hataingia kwa hizo peke yake.

Mambo hubadilika pale meseji inapofuatana na mtu. Chukua kikoba cha wanachama thelathini, wana kundi lao la WhatsApp, namba za wote zinaonekana. Mwanachama mmoja anapokea tarakimu sita. Dakika haijaisha, mweka hazina wao anamwandikia: “Mama, samahani sana, nimekosea nimetuma namba zangu kwako. Zimeingia sita hapo, nirushie haraka kabla hazijaisha muda.” Picha ni ya mweka hazina, namba ni yake, na mazungumzo yao ya mwezi uliopita yako palepale juu ya ujumbe huo. Ombi lenyewe ni dogo, la mtu anayemheshimu. Anazirusha.

Hapa kuna dalili ambayo watu huikosa. Tarakimu hizo haziwezi kutumwa “kimakosa” kwako ilhali ni za mtu mwingine. Huenda kwenye laini ya namba iliyoandikwa, na zinafungua akaunti ya namba hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anayejua ni namba gani imekuingilia ndiye aliyeiomba, na kama anaandika kutoka akaunti ya mweka hazina, basi akaunti ya mweka hazina imeshachukuliwa. Yule mwanachama ameletewa habari mbili kwa pamoja, yake na ya mwenzake. Cha kufanya ni kumpigia mweka hazina kwa simu ya kawaida ya laini, maana kumpigia au kumwandikia ndani ya WhatsApp ni kuzungumza na mwizi.

Tuseme ameshazirusha. Muda mfupi baadaye simu yake inamwambia kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine, naye anatolewa nje. Mwizi hapati mazungumzo ya zamani, kwa sababu hayo yamehifadhiwa ndani ya simu ya mwenyewe. Lakini makundi yanamjia, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka. Baada ya muda mfupi kundi linasoma: “Jamani nina mgonjwa, nimekwama, naomba mwenye laki mbili anitumie kwenye namba hii, jioni narudisha.” Namba ya kupokelea pesa ni nyingine, na atakayeanza kutuma ataona jina la mpokeaji asiyemjua kabla hajaweka namba ya siri. Wengi huliona jina hilo na bado hutuma, wakijiambia kwamba ni la wakala au la ndugu. Mwingine kwenye kundi, wakati huohuo, anaingiliwa na tarakimu sita.

Njia ya kurudisha akaunti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na wengi hupoteza saa nzima wakitafuta wa kumlalamikia. Laini bado iko mkononi mwake. Anafungua WhatsApp, anaandika namba yake, anaomba tarakimu mpya na kuziandika. Akaunti haiwezi kuwa kwenye simu kuu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwizi anatolewa hapohapo. Kikwazo ni kwamba wezi waliozoea kazi hii, wakishaingia tu, huwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa pini yao wenyewe. Mwenye akaunti anaandika tarakimu za meseji vizuri, kisha anaulizwa pini asiyoijua na kuambiwa asubiri siku saba. Hapo watu hukata tamaa wakidhani mwizi bado yumo. Hayumo. Tarakimu za meseji zilipokubaliwa, aliyekuwa ndani alitolewa, na siku hizo saba ni za kumngojesha mwenyewe tu. Kazi iliyobaki ni kuwapigia watu wa kikundi, mmoja mmoja, kwamba maombi yale ya pesa hayakuwa yake.

WhatsApp ina mlango mwingine ambao taarifa yake huja kinyumenyume. Akaunti inaweza kuunganishwa na kompyuta, na siku hizi si lazima kupiga picha ile alama ya mraba; unaandika namba ya simu kwenye kompyuta, kompyuta inakuonyesha herufi na tarakimu nane, nawe unaziandika kwenye simu. Mwizi akiandika namba yako kwenye kompyuta yake, taarifa ya kuunganisha kifaa inatokea kwenye simu yako, na zile nane ziko kwake. Kwa hiyo hatakuomba namba, atakupa: “Andika hizi uhakikishe zawadi yako,” au uhakikishe kura yako, au ufungue picha uliyopigwa. Ukiziandika, simu yako haitolewi nje na hakuna kinachobadilika machoni pako, ila kila ujumbe unaoingia na kutoka anausoma naye. Binafsi naona huu ni wizi mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule unajitangaza wenyewe. Ndani ya WhatsApp kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa usichokitambua humo kinatolewa kwa kukigusa na kuchagua kukiondoa.

Sasa twende kwenye kundi la pili, ambako nenosiri limeshatumika. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya teksi ya Uber, Septemba 2022. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mmoja wa watu waliofanya kazi nayo kwa mkataba alikuwa ameibiwa nenosiri, na kuna uwezekano kwamba liliuzwa kwenye soko la siri la mtandaoni baada ya kifaa chake binafsi kuingiwa na programu ya wizi. Mdukuzi akalitumia. Simu ya yule mfanyakazi ikaonyesha swali: kuna mtu anaingia, unaruhusu? Hakuruhusu. Likaja tena. Likaja tena na tena. Mdukuzi mwenyewe alidai baadaye kwamba alimwandikia pia kwa WhatsApp akijifanya mtu wa idara ya kompyuta, akimweleza kuwa maswali yale hayatakoma mpaka akubali. Mwishowe akabonyeza kuruhusu mara moja, na mdukuzi akaingia kwenye mifumo ya ndani ya kampuni. Uber iliwahusisha waliofanya hivyo na kundi la Lapsus$. Mwaka huohuo kampuni ya Cisco, ambayo biashara yake ni mitambo ya mtandao na ulinzi wake, ilieleza kuwa imeingiliwa kwa njia inayokaribiana na hiyo, kupitia mfanyakazi aliyekuwa amehifadhi nenosiri la kazini kwenye kivinjari kilichofungamana na akaunti yake binafsi ya Google.

Ni rahisi kumlaumu aliyebonyeza. Lakini fikiria simu inayolia swali lilelile kila baada ya sekunde chache, usiku, pamoja na sauti ya “fundi” anayeonekana kujua hasa kinachotokea kwenye skrini yako. Kosa lilikuwa pia la swali lenyewe, ambalo lilijibika kwa kidole kimoja bila kufikiri. Ndiyo maana kuanzia Mei 2023 Microsoft iliwalazimisha wanaotumia programu yake ya uthibitisho kazini kuandika kwenye simu namba inayoonekana kwenye skrini ya anayeingia. Asiye mbele ya skrini hiyo haijui. Lakini kuna mtu anayeweza kukutajia namba hiyo kwa simu, naye ni yule anayejaribu kuingia. Ukisikia sauti inakuambia “andika 47”, umeshajua unazungumza na nani.

Ombi la namna hii ukilikataa, kazi ndiyo kwanza imeanza, maana kukataa hakufuti ukweli kwamba mtu anajua nenosiri lako. Fungua huduma hiyo kwa kuandika anwani yake mwenyewe, badilisha nenosiri, kisha chagua kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Fikiria ni wapi pengine ulitumia nenosiri lilelile, maana wezi hulijaribu kila mahali kwa mashine. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, inakuonyesha kama barua pepe yako imo kwenye data zilizovuja kutoka kampuni fulani. Na kama nenosiri lilikuwa la peke yake, refu, halijatumika kwingine, basi shaka iangukie kifaa chako au ukurasa bandia ulioandikia nenosiri hilo. Programu ya wizi ikiwa ndani ya kompyuta, nenosiri jipya utakaloandika hapo litakwenda kulekule lilikokwenda la zamani. Badilisha kutoka kifaa kingine, hicho kisafishwe kwanza.

Kanuni hii ya kabla na baada ya nenosiri ina mipaka. Google inaweza kukutumia swali la kuruhusu hata kwa mtu asiyejua nenosiri, pale anapobonyeza kwamba amelisahau na anataka kurejesha akaunti. Maneno ya swali ndiyo yatakuonyesha: je, linasema mtu anaingia, au linasema mtu anarejesha akaunti? Akaunti za Microsoft nazo zinaweza kuwekwa ziingiwe kwa simu bila nenosiri, na hapo kuijua tu barua pepe yako kunatosha kuifanya simu ilie. Namba zinazotumwa kwa barua pepe ni hivyohivyo mara nyingi. Kwa upande mwingine, zile programu zinazotengeneza namba mpya kila baada ya sekunde 30 hazitumi chochote, zinakaa kimya mpaka uzifungue. Faida yake ni kwamba hakuna wa kukusumbua kwa meseji. Hasara ni kwamba mtu akifika mlango huo hutajua, isipokuwa huduma yenyewe ikikupa taarifa.

Kabla hujahukumu, tazama pia vitu vyako. Kishikwambi cha zamani kilichoachwa kwa watoto, runinga sebuleni, kompyuta ya ofisini iliyowashwa baada ya likizo, vyote vinaweza kujaribu kuingia upya na kukuletea swali ambalo hukumbuki kuliomba. Swali huonyesha aina ya kifaa, saa na mahali. Kifaa na saa vinasaidia. Mahali usipaamini sana, kwa kuwa panakisiwa kutokana na anwani ya mtandao: mtu wa Mbeya anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, na mwizi anaweza kuonekana yuko popote apendapo.

Kwenye pesa za simu, swali lisiloombwa huwa la malipo. Skrini inatokea yenyewe na jina la biashara na kiasi, ikikutaka uweke namba ya siri. Mfanyabiashara anayetumia huduma hiyo anahitaji namba yako ya simu tu ili kukutumia ombi, na keshia aliyekosea tarakimu moja anaweza kukuletea bili ya mtu mwingine. Pesa haiondoki mpaka uweke namba ya siri. Funga skrini, yaishe. Ukipigiwa baada ya hapo na mtu anayesema uweke namba ya siri ili “kughairi” muamala, kumbuka kwamba namba ya siri kwenye skrini ile ina kazi moja, kulipa.

Onyo lenyewe pia linaweza kuwa la uongo. Jina la mtumaji wa meseji linaweza kughushiwa, na simu yako kwa uaminifu wake ikaiweka meseji bandia chini ya meseji halali za benki yako. “Kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako, kama si wewe bofya hapa.” Hapo hakuna aliyeingia, anasubiri ubofye uandike nenosiri kwenye ukurasa wake. Au kinakuja kitu halisi na uongo kwa pamoja: mwizi ana nenosiri lako la benki, analiandika, namba halisi ya benki inakuingilia, na papo hapo anakupigia akijitambulisha kuwa ni wa kitengo cha usalama. Anakusomea jina lako na anataka “kuthibitisha” namba uliyopokea. Kila alichosema kuhusu meseji ni kweli, kwa sababu ni yeye aliyeiita. Kata simu, kisha ipigie benki mwenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Kuna siku ambapo huja namba kumi, ishirini, za huduma usizozijua, nyingine za nchi ambazo hujafika. Mara nyingi hilo halikulengi wewe. Kila meseji ya uthibitisho inalipiwa na kampuni inayoituma, na kuna watu wenye mgawo katika njia inakopita ambao huendesha mashine za kuomba namba kwa maelfu ili malipo yaongezeke. Elon Musk alidai mwaka 2023 kwamba Twitter ilikuwa ikipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa hila hiyo, na mwezi Machi mwaka huo uthibitisho kwa meseji ukaondolewa kwa wasiolipia. Lakini mafuriko kama hayo yana matumizi mengine. Mtu aliyekwisha kupata kadi au akaunti yako anaweza kukumwagia meseji ili ile moja ya benki, inayosema pesa zimetoka, ipotee katikati. Kwa hiyo usizifute zote kwa mkupuo. Zipitie ukitafuta benki na pesa za simu, kisha angalia salio.

Namba zikikoma ghafla na laini ikapoteza mtandao, ilhali simu za wenzako waliokaa nawe zinashika, huo ni msukosuko mkubwa kuliko wote. Yawezekana mtu ameisajili laini yako kwenye kadi nyingine, na tarakimu zako zote sasa zinaingia kwake. Azima simu, piga huduma kwa wateja ya kampuni ya laini waifunge, halafu piga benki wazuie akaunti, kwa mpangilio huo, kisha nenda dukani na kitambulisho chako.